Hajabeba Mimba, Amebeba Gauni: Maswali ya Kuandaa Wasilisho la Mchoro Mmoja

Sentensi ya kwanza ya wasilisho la binti mmoja ninayemsaidia ilikuwa hii: "Katika mchoro huu tunamwona mfanyabiashara tajiri na mke wake mjamzito, chumbani kwao, siku ya ndoa yao." Alikuwa amekaa mezani kwangu, hapa Moshi, siku nne kabla ya kusimama mbele ya wakufunzi wake. Nikamwomba airudie polepole, kisha nikamuuliza. Ufanyabiashara umeuona sehemu gani ya picha? Ndoa je? Mimba umeijuaje?

Akanyamaza. Katika sentensi ile yote, macho yake yalikuwa yameona mwanamume, mwanamke na chumba. Mengine aliyachukua kwenye makala alizosoma, akayabandika juu ya picha kana kwamba yamechorwa humo.

Kosa hili ninalikuta kila mwaka kwa wanafunzi ninaowasaidia, wa Moshi na hata wanaoshuka kutoka Arusha. Ndiyo sababu nimeandika maswali ninayowapa, na nitayapitisha kwenye mchoro uleule aliouchagua binti huyu, kwa kuwa ni vigumu kupata mwingine unaomnasa mtazamaji kiasi hicho. Ni kazi ya mchoraji Jan van Eyck ya mwaka 1434, unaojulikana kama picha ya Arnolfini. Upo katika jumba la sanaa la taifa la Uingereza, London, tangu mwaka 1842.

Kabla ya maswali: picha yenyewe na daftari

Usifanye kazi hii kwa picha ndogo ya kwenye simu. Tovuti ya jumba hilo inakuruhusu kuikuza picha hadi uone nywele za mbwa mojamoja, kwa hiyo kaa nayo kwenye kompyuta saa nzima. Halafu nenda steshenari ukachapishe nakala moja ya rangi kwenye karatasi ya A3. Hiyo utaichorea mishale kwa kalamu, na umeme ukikatika siku ya wasilisho itakuokoa.

Jambo la pili ni kipimo. Mchoro una urefu wa sentimita 82.2 na upana wa 60. Chukua futi kamba, pima ukutani, bandika selotepu kwenye pembe nne, kisha simama mbele yake. Wanafunzi wengi hudhani ni picha kubwa ya ukuta mzima, kwa sababu projekta huifanya hivyo. Ukisimama mbele ya ule mstatili mdogo unaelewa kwamba kioo cha mviringo kilichochorwa katikati ni kidogo kuliko kiganja chako, na kwamba aliyekichora alikuwa anafanya kazi kwa brashi yenye ncha nyembamba sana.

Kisha fungua daftari, tenga kurasa tatu. Ya kwanza iandike NAONA, ya pili NAFASIRI, ya tatu NIMESOMA. Kila neno utakalolisema siku ile lazima liwe na ukurasa wake.

Maswali ya ukurasa wa NAONA

Swali la msingi ni moja: mtu asiyejua lolote kuhusu mchoro huu, akitazama nami, atakubali? Njia nzuri ya kujipima ni kumpigia simu rafiki ambaye hajauona, umwelezee huku yeye akichora kwa penseli. Ukimwambia "kuna wanandoa" hatajua achore nini. Ukimwambia "kushoto kuna mwanamume amesimama, amevaa kofia pana nyeusi na vazi refu jeusi-zambarau lenye manyoya kwenye kingo, kulia kuna mwanamke mwenye gauni la kijani na kitambaa cheupe kichwani, mkono wa kushoto wa mwanamume umeshika mkono wa kulia wa mwanamke", kalamu yake itaanza kwenda.

Baada ya watu, maswali yanayofuata hayahitaji maelezo marefu. Imechorwa kwa rangi gani, juu ya nini? Rangi ya mafuta juu ya ubao wa mwaloni. Mwanga unaingia kutoka wapi? Dirisha la kushoto. Jicho linaelekea wapi kwanza, na nini kinalipeleka huko? Rangi zipi zinapambana? Kijani cha gauni na wekundu wa kitanda kilicho nyuma yake. Nini kiko mbele, nini kiko nyuma?

Kisha vitu, kimoja kimoja. Hapo ndipo ninapowataka wakae muda mrefu, kwa sababu picha hii imejaa vitu vinavyoomba kufasiriwa upesi. Taa ya kuning'inia ya shaba yenye matawi sita, na mshumaa mmoja tu unawaka, upande wa mwanamume. Mbwa mdogo mwenye manyoya marefu, mbele kabisa, kati ya watu wawili. Viatu vya mbao vimevuliwa vimelala sakafuni pembeni mwa mwanamume, na viatu vingine vyekundu kule nyuma. Matunda ya rangi ya chungwa kwenye ukingo wa dirisha na juu ya sanduku lililo chini yake. Nje ya dirisha, kipande cha mti wenye matunda madogo mekundu. Ukutani shanga zimetundikwa, na kile kioo cha mviringo kilichobinuka, chenye michoro kumi midogo kuzunguka fremu yake. Ndani ya kioo unaona migongo ya hao wawili na, mlangoni, watu wengine wawili wanaotazama huku.

Ona kwamba sikuandika "mume", "mke", "ndoa" wala "utajiri". Neno "rozari" niliachana nalo kwa makusudi. Binti alitaka kuliandika, na pengine ni sahihi, lakini mtu asiyewahi kuingia kanisani angesema shanga. Tumeliandika shanga ukurasa wa kwanza, rozari ukurasa wa pili.

Ukurasa huu ukiwa mfupi, usiuache. Mwanafunzi akiniletea mistari sita ninamrudisha kwenye picha, kwa kuwa kila kitu asichokiona hapa hataweza kukitumia kama ushahidi huko mbele.

Jinsi maandishi ya ukutani yanavyotenganisha kurasa

Juu ya kioo kuna mstari wa maandishi ya madoido: *Johannes de eyck fuit hic 1434*. Mstari huu ninautumia kufundishia, kwa sababu unapita kurasa zote tatu.

Kwamba ukutani kuna maandishi, yenye herufi za kupinda na tarakimu mwishoni, hilo ni NAONA. Kwamba ni Kilatini na maana yake ni "Jan van Eyck alikuwa hapa, 1434", hilo ni NIMESOMA, mtu amekutafsiria. Kwamba mchoraji anajitaja kama shahidi wa tukio fulani, hilo ni NAFASIRI, na lina mpinzani: huenda ni namna yake tu ya kuweka sahihi. Lakini anayetaka kusema ni sahihi ya kawaida aulizwe kwa nini aliandika "alikuwa hapa" badala ya "alichora hii". Na anayetaka kusema ni ushahidi aulizwe shahidi wa nini hasa. Maandishi hayataji ndoa wala mkataba.

Maswali ya ukurasa wa NAFASIRI

Kila sentensi ya ukurasa huu iwe na "kwa sababu", na baada ya "kwa sababu" kije kitu kilichokwisha andikwa ukurasa wa kwanza. Kisha ujiulize: maelezo mengine ya kitu hikihiki ni yapi? Na nikitazama wapi nitajua kwamba nimekosea?

Tulianza na mimba. Binti aliandika: "Nadhani ni mjamzito kwa sababu tumbo lake limetokeza na mkono umewekwa juu yake." Vizuri, sasa ina msingi. Maelezo mengine je? Hapo alikwama, na mimi sikumpa jibu. Nilimwambia achukue nakala yake ya A3 aende nayo kwa shangazi yake anayeuza mitumba Kiboriloni, amwoneshe lile gauni tu, bila kumwambia chochote.

Alirudi jioni na jibu ambalo halikuwa kwenye makala yoyote aliyoisoma. Shangazi alitazama mkono kwanza, akasema: "Hajabeba mimba, mwanangu. Amebeba gauni." Akamwonesha: kitambaa ni kizito, kinaonekana ni sufu, na ndani kina manyoya meupe. Kimekatwa kirefu hadi kinalala sakafuni, kwa hiyo mvaaji lazima akikusanye mbele ili atembee, na mkunjo wote unajaa pale tumboni. Mkono haupapasi tumbo, umeshika fungu la nguo. Fuata mikunjo kutoka mkononi hadi chini, utaona yote inaanzia kwenye vidole.

Hiyo nayo bado ni fasiri, kwa maana shangazi hakuwapo mwaka 1434. Lakini ni fasiri inayoeleza mambo mengi zaidi ya yanayoonekana: mkono, mikunjo, na kitambaa kilichorundikana sakafuni. Mimba inaeleza tumbo peke yake. Unapopima fasiri mbili, uliza ni ipi inayobeba vitu vingi vya ukurasa wa kwanza bila kulazimisha.

Kisha kuna kipimo cha tatu, ambacho wanafunzi hukisahau: kazi nyingine za mchoraji huyuhuyu. Van Eyck alichora mwaka 1437 mchoro wa altare wenye mabawa, ambao sasa uko Dresden, na kwenye bawa moja yumo Mtakatifu Katarina. Naye gauni lake limejaa mbele vivyo hivyo. Katarina ni mtakatifu bikira. Hakuna aliyekusudia kumchora mjamzito. Umbo lile lilikuwa namna ya kuchora mwanamke aliyevaa vizuri wakati ule. Hapo binti alifuta neno "mjamzito" kwenye sentensi yake ya kwanza, na sikumlazimisha.

Viatu vilikuwa na mtego wa aina nyingine. Msomi Erwin Panofsky aliandika mwaka 1934 kwamba mchoro huu ni kama cheti cha ndoa: viatu vimevuliwa kwa kuwa pale ni mahali patakatifu, mbwa ni uaminifu wa wanandoa, na mshumaa unaowaka ni jicho la Mungu. Ni fasiri maarufu mno, utaikuta kila mahali. Binti alipenda hoja ya mbwa na mshumaa, lakini viatu akavisoma kwa macho ya nyumbani: "Mwalimu, kwetu mtu akiingia ndani anavua viatu mlangoni, hasa kipindi cha mvua na udongo huu wetu."

Alikuwa amesema jambo zuri, na papo hapo jambo la hatari. Zuri, kwa sababu vile viatu vya mbao ni vya kuvalia nje juu ya matope, basi kuvivua ndani kunaweza kuwa usafi tu. Hatari, kwa sababu desturi ya Moshi haiwezi kuwa ushahidi wa desturi ya Brugge, mji alikoishi mchoraji, katika karne ya 15. Inaweza kukufungulia swali. Jibu lazima ulitafute kule. Kwa hiyo iliandikwa ukurasa wa pili kama fasiri pinzani, na mbele yake alama ya kuuliza inayoelekeza ukurasa wa tatu.

Maswali ya ukurasa wa NIMESOMA

Muktadha ndiyo sehemu inayomeza mawasilisho. Mtu anasoma wasifu wa mchoraji dakika sita, picha imesimama nyuma yake haina kazi. Ili kuzuia hilo, kila taarifa unayotaka kuingiza iulize mambo mawili. Imetoka wapi na ni ya mwaka gani? Inajibu swali gani lililo kwenye ukurasa wa pili? Isipojibu lolote, iache hata kama ni tamu.

Machungwa yalionesha faida ya kanuni hii. Sisi tunanunua machungwa ya Muheza kwa fungu, kwa hiyo binti aliyapita kama tunda la kawaida la mezani. Lakini Brugge ni mji wa kaskazini wenye baridi, michungwa haioti huko. Matunda hayo yaliletwa kutoka kusini kwa gharama. Taarifa hiyo moja inaipa uzito fasiri kwamba mchoro unaonesha mali. Iunganishe na lile gauni lenye kitambaa kingi kupita haja, pia na manyoya wanayovaa ilhali nje mti una matunda mabivu, yaani si majira ya baridi. Manyoya yale yamevaliwa yaonekane. Sasa neno "tajiri", ambalo mwanzoni lilikuwa la kubandika, limepata vitu vitatu vya kulishikilia.

Majina ya watu hao ni hadithi nyingine, na ninaieleza kwa urefu kwa sababu inafundisha namna muktadha unavyoweza kubomoa fasiri. Katika picha yenyewe hakuna jina lao. Jina limetokana na orodha ya mali ya Margareta wa Austria ya mwaka 1516, iliyotaja mchoro wa mtu aliyeitwa "Hernoul le Fin" na mke wake ndani ya chumba. Kutoka hapo wasomi wakafika kwa ukoo wa Arnolfini, wafanyabiashara kutoka Lucca, Italia, walioishi Brugge. Kwa muda mrefu ilisemwa ni Giovanni di Arrigo Arnolfini na Giovanna Cenami, na kwamba hii ndiyo ndoa yao. Baadaye, katika miaka ya 1990, ikapatikana nyaraka kwamba wawili hao walioana mwaka 1447. Hiyo ni miaka 13 baada ya mchoro, na miaka sita baada ya van Eyck kufariki.

Leo anayetajwa zaidi ni binamu yake, Giovanni di Nicolao Arnolfini. Mke wake wa kwanza, Costanza Trenta, alikuwa amekwisha fariki kufikia mwaka 1433. Kwa hiyo mwanamke wa kwenye picha ni mke wa pili asiyejulikana, au ni marehemu. Mwaka 2003 msomi Margaret Koster alitetea hilo la pili, kwamba ni picha ya kumbukumbu. Na angalia anavyorudi ukurasa wa kwanza kutafuta ushahidi: mshumaa unaowaka uko upande wa mwanamume, na upande wa mwanamke kuna mabaki ya nta tu. Ile michoro kumi ya fremu ya kioo ni ya Mateso ya Kristo hadi kufufuka. Upande wa mwanamume ni Yesu akiwa hai, upande wa mwanamke ni kifo na yaliyofuata.

Mshumaa uleule: kwa Panofsky ni Mungu anayetazama ndoa, kwa Koster ni maisha yaliyobaki upande mmoja. Maelezo ya mshumaa wenyewe kwenye ukurasa wa kwanza hayakubadilika hata neno. Kinachoonekana bado ni mshumaa mmoja unaowaka mchana. Nilimwonesha binti sehemu hiyo, nikamwambia awawekee wasikilizaji wake mambo hayo mawili pamoja, kwa sababu hapo kila mtu atatofautisha kuona na kufasiri bila kuhitaji ufafanuzi.

Kuna taarifa moja zaidi ya maabara tuliyoitumia. Picha za infraredi, zinazopenya rangi hadi kwenye mchoro wa awali, zinaonesha kwamba mbwa hakuwamo kwenye mpango wa kwanza. Aliongezwa wakati wa kupaka rangi. Hii haisemi mbwa hana maana. Inasema tu kwamba anayejenga fasiri nzima juu ya mbwa anapaswa kueleza kwa nini mchoraji alianza bila yeye.

Kupanga dakika 15

Tulipanga dakika tano za NAONA, tano za NAFASIRI, tatu za NIMESOMA, na mbili za kurudi kwenye picha kuonesha fasiri anayoona ina nguvu zaidi. Muktadha hakuusimulia kwa mfululizo. Aliuingiza pale tu fasiri ilipouhitaji: machungwa baada ya kusema mali, mwaka 1447 baada ya kusema ndoa.

Lugha nayo ibebe mpaka huo. Kwa ukurasa wa kwanza sema "kuna", "tunaona", "upande wa kushoto". Kwa wa pili sema "nafasiri", "inaelekea", "kwa sababu". Kwa wa tatu taja mtu au nyaraka: "orodha ya mwaka 1516 inasema". Mkufunzi akisikia vitenzi hivyo hahitaji kukuuliza uko wapi. Unaweza kujirekodi kwa simu, kisha usikilize ukipiga mstari kila unapodondosha neno la fasiri ndani ya dakika za kwanza. Binti alijinasa mara saba siku ya kwanza. Mara nne zilikuwa neno "mke".

Jiandae pia kwa swali la mwisho. Litakuwa la "kwa hiyo ni nini hasa?" Jibu lisiwe "inategemea na mtazamaji", kwa sababu si kweli kwamba fasiri zote zina uzito sawa. Mimba imeshindwa na gauni na Katarina. Ndoa ya Cenami imeshindwa na tarehe. Zilizobaki zitaje kwa uzito wake.

Siku yenyewe, swali walilomuuliza lilikuwa kuhusu mkono wa kulia wa mwanamume, ulioinuliwa. Anaapa? Panofsky alisema ni kiapo. Binti alianza na anachokiona: mkono umeinuliwa kiasi cha kifua, vidole vimenyooka. Akafasiri: kiapo kinawezekana. Kisha akaenda kwenye nakala yake ya A3, akaweka kidole kwenye kioo, kwenye wale watu wawili wadogo waliosimama mlangoni. "Lakini kuna watu wanaingia," akasema. "Nao wako upande anaoutazama. Kwa hiyo naweka na fasiri ya pili: huenda anawakaribisha." Mkufunzi mmoja akainuka kitini, akasogea karibu na karatasi kutazama kioo.